Kwa Nini Sukari ya Chai Haibadilishi Rangi

Katika maabara za sekondari za Tanzania na Kenya kuna chupa ya kimiminika cha buluu ambayo kila anayesoma baiolojia hukutana nayo mapema. Ni myeyusho wa Benedict, uliopewa jina la mwanakemia Mmarekani Stanley Benedict aliyeutengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi hutia mililita 2 za maji yaliyokorogwa na unga wa glukosi kwenye mrija wa majaribio, huongeza kiasi kilekile cha myeyusho, kisha huutumbukiza mrija kwenye kopo la maji yanayochemka. Dakika chache baadaye buluu hugeuka kijani, kijani kikawa njano, njano ikawa rangi ya chungwa, na mwishowe mashapo mekundu kama tofali la kuchoma hutuama chini.

Kisha hurudia jaribio kwa sukari nyeupe ya chai. Dakika tano zinapita, maji yanatokota, na mrija ungali buluu vilevile.

Jambo hili lingepaswa kumshangaza mtu kuliko linavyofanya darasani, maana sukari ya chai, ambayo wanakemia huiita sukrosi, ni glukosi moja iliyoshikamana na fruktosi moja. Glukosi ikiwa peke yake hugeuza rangi. Fruktosi ikiwa peke yake hugeuza rangi. Zikiungana, hazigeuzi. Mwanafunzi huandika kwenye daftari kwamba sukrosi ni sukari isiyopunguza, hupata alama zake, na swali lenyewe hubaki limelala. Jibu lake liko kwenye atomi moja tu ya kaboni.

Tuanze na kinachotokea kwenye ule mrija. Buluu ya Benedict hutoka kwenye mrututu, ambao ni salfeti ya shaba. Humo pia mna kaboneti ya sodiamu inayoufanya myeyusho uwe wa kialkali, na sitreti ya sodiamu inayoishikilia shaba isiganda mapema na kuzama. Shaba ikiwa katika hali hiyo imepungukiwa elektroni mbili. Ikikutana na kitu kilicho tayari kutoa elektroni, huchukua moja, chaji yake hupungua kutoka mbili hadi moja, na oksidi nyekundu ya shaba hujitenga na maji. Sukari inayoweza kuifanyia shaba hivyo huitwa sukari punguzi. Kazi hiyo hufanywa na kundi la atomi liitwalo aldehidi: kaboni iliyoshika oksijeni kwa mkono wa maradufu, na pembeni yake hidrojeni.

Glukosi ina kaboni sita, na vitabu vingi huanza kwa kuichora kama mnyororo ulionyooka. Kaboni namba 1, iliyo juu kabisa, ndiyo yenye aldehidi. Kaboni namba 2 hadi 6 kila moja imebeba oksijeni yenye hidrojeni, yaani kundi la haidroksili. Mchoro huo si wa uongo, ila ukiyachota maji yenye glukosi na kuzihesabu molekuli zilizomo, hutakuta hata moja katika kila elfu iliyo katika umbo hilo. Karibu zote zimejikunja na kuwa pete.

Hujikunja kwa sababu mnyororo wenyewe ni mlegevu. Unapopinda, haidroksili ya kaboni namba 5 huangukia karibu kabisa na kaboni namba 1, na oksijeni yake huishika kaboni hiyo. Pete inayopatikana ina pembe sita: kaboni tano na oksijeni moja, huku kaboni namba 6 ikining'inia nje. Ule mkono wa maradufu wa aldehidi hufunguka, na oksijeni iliyokuwa juu ya kaboni namba 1 nayo hupata hidrojeni na kuwa haidroksili kama wenzake. Kwa hiyo katika pete hakuna aldehidi tena. Hili liliwahi kuwatatiza wanakemia wa karne ya 19. Emil Fischer wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa sehemu kubwa kutokana na kazi yake juu ya sukari, alikuwa ameonyesha jinsi makundi ya atomi yalivyopangika kwenye glukosi, na mpangilio wake ulitaka kuwe na aldehidi. Lakini kipimo cha Schiff, ambacho aldehidi za kawaida hukigeuza rangi ya zambarau mara moja, glukosi haikigeuzi. Aldehidi ilikuwapo kwenye mahesabu, mkononi haishikiki. Umbo la pete ya pembe sita lilikuja kuthibitishwa miaka ya 1920 na Mwingereza Norman Haworth, naye akapata Nobel yake mwaka 1937.

Pete hiyo hufungika kwa namna mbili. Wakati oksijeni ya kaboni namba 5 inapoishika kaboni namba 1, inaweza kuijia kutoka upande huu au ule, na haidroksili mpya ikaelekea chini ya pete au kando yake. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati ya umbo la alfa na umbo la beta. Kaboni nyingine zote, kutoka namba 2 hadi 6, zimekaa palepale. Jozi kama hii huitwa anoma, na kaboni namba 1 inayozitofautisha huitwa kaboni ya anoma.

Tofauti ya haidroksili moja ingeweza kuonekana jambo la kwenye karatasi, lakini hupimika kwa kifaa. Mwanga ukichujwa mpaka mawimbi yake yatetemeke katika bapa moja tu, kisha ukapitishwa kwenye maji ya glukosi, bapa hilo huzungushwa kuelekea kulia. Kifaa kinachosoma mzunguko huo ni polarimita. Katika miaka ya 1840 Mfaransa Augustin-Pierre Dubrunfaut aliona kwamba glukosi iliyotoka kuyeyushwa huzungusha mwanga kwa kiwango kikubwa, halafu kiwango hicho hushuka taratibu chenyewe, pasipo mtu kuongeza chochote, hadi kikatulia karibu na nusu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1895, Mfaransa mwingine, Charles Tanret, aliweza kuzitenga aina mbili za fuwele za glukosi, na kila moja ilikuwa na usomaji wake wa mwanzo.

Leo namba zake zinajulikana vizuri. Glukosi ya alfa, ambayo ndiyo fuwele za kawaida zinazopatikana maji yanapokauka bila joto kali, huanza na mzunguko mahsusi wa nyuzi 112. Glukosi ya beta, ambayo hupatikana kwa kugandisha kwenye maji yanayokaribia kuchemka, huanza na nyuzi 18.7. Yeyusha mojawapo, ziache zikae saa chache, na zote mbili huishia mahali pamoja: nyuzi 52.7.

Kutokana na namba hizo tatu mtu mwenye kalamu anaweza kujua ndani ya glasi mna nini. Kutoka beta hadi alfa ni mwendo wa nyuzi 93.3. Usomaji wa mwisho umepanda juu ya beta kwa nyuzi 34. Gawanya 34 kwa 93.3, upate takriban 0.36. Maana yake asilimia 36 ya molekuli ni alfa na asilimia 64 zilizobaki ni beta. Beta huzidi kwa sababu pete ya glukosi haikai bapa mezani. Imepinda mithili ya kiti, na katika umbo la beta haidroksili zote zimechomoza kuelekea nje ambako kuna nafasi, wakati katika alfa ile ya kaboni namba 1 husimama wima na kubanana na hidrojeni zilizo upande huo.

Hapa ndipo mnyororo unaporudi. Alfa haiwezi kugeuka beta ikiwa ingali imefungwa. Lazima pete ifunguke, kaboni namba 1 irudie kuwa aldehidi kwa kitambo kifupi, kisha ifunge tena kwa upande wowote itakaoangukia. Hali hiyo ni sawa na pantoni la Kigamboni: ukipiga picha ya Dar es Salaam saa yoyote, walio ndani ya pantoni ni wachache mno ukilinganisha na waliosimama Magogoni au ng'ambo, lakini kila aliyevuka kwa maji amepita humo. Mnyororo haujazi watu, ila haukomi kusafirisha.

Benedict huishi kwa kudra ya wavukaji hao. Shaba hukamata zile molekuli chache zilizo wazi na kuzioksidisha, kwa hiyo haziwezi tena kufunga pete kama zamani. Pengo hilo hujazwa na pete nyingine zinazofunguka, nazo hukamatwa, na mwendo huo huendelea. Alkali iliyomo huharakisha kufunguka, na moto huharakisha zaidi. Ndiyo maana glukosi yenye aldehidi chini ya moja katika elfu huweza kuigeuza shaba yote iliyo mrijani, huku kipimo cha Schiff, kinachofanywa bila joto na bila alkali, kikikosa cha kushika.

Sasa sukari ya chai. Kwenye sukrosi, kaboni namba 1 ya glukosi imeungwa na fruktosi kupitia oksijeni. Fruktosi nayo ina kaboni yake ya anoma, ambayo kwake ni namba 2, na muungano umefanyika hapohapo. Kwa maneno mengine, sukari hizi mbili zimefungana kwa milango yao yote miwili. Pete hufunguka tu ikiwa kaboni ya anoma ina haidroksili huru. Oksijeni yake ikishashikwa na sukari nyingine, alkali haiwezi kuitoa. Hakuna alfa na beta zinazobadilishana, hakuna mnyororo, na ukiiweka kwenye polarimita usomaji wake wa nyuzi 66.5 hautelezi. Shaba haina pa kuanzia.

Linganisha na maltosi, ambayo ni glukosi mbili. Ya kwanza imetumia kaboni yake namba 1 kuishika ya pili, lakini imeishika kwenye kaboni namba 4. Glukosi ya pili imebakiwa na kaboni namba 1 iliyo huru, hivyo hufunguka na kufunga kama kawaida. Upande mmoja huru unatosha. Maltosi ndiyo sukari inayoupa uji wa togwa utamu pale kimea cha ulezi kinapotiwa, kwa kuwa vimeng'enya vya kimea hukata wanga na kuacha vipande hivyo. Togwa lililochujwa huifanya Benedict iwe nyekundu hata kama hakuna aliyetia sukari. Maziwa hufanya hivyo pia, kwa sababu ya laktosi, ambayo imeungwa kwa mtindo huohuo wa kuacha mlango mmoja wazi. Fruktosi haina aldehidi hata ikifunguka, lakini katika alkali ya Benedict hujipanga upya na kupata umbo lenye aldehidi, ndiyo maana nayo huhesabiwa kuwa punguzi.

Jinsi ya kuthibitisha kwamba buluu iliyobaki ni ya sukrosi na si ya maji matupu? Kile kisichofunguliwa na alkali hufunguliwa na asidi. Mwanafunzi huchukua sampuli nyingine ya maji ya sukari, hutia matone machache ya asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, na kuichemsha kwa dakika kadhaa. Asidi hukata muungano na kuziachia glukosi na fruktosi. Sampuli hupozwa, kisha huongezwa baikaboneti ya sodiamu kidogokidogo mpaka povu likome. Hapo tu ndipo Benedict hutiwa na mrija hurudishwa kwenye maji ya moto. Safari hii rangi ya tofali hutokea.

Hatua ya baikaboneti ndiyo inayorukwa kuliko zote, na anayeiruka hupata adhabu papo hapo. Asidi iliyobaki hula kaboneti iliyomo kwenye Benedict, alkali huisha, na shaba haipunguzwi ipasavyo. Mrija hubaki buluu, na mwanafunzi huandika kwamba sampuli haikuwa na sukari ya aina yoyote. Dalili ya kosa hilo ni povu: likitokea wakati wa kutia Benedict, asidi ilikuwa bado ipo.

Kosa la pili ni la kinyume chake. Anayetumia sukari ya kahawia au sukari guru badala ya nyeupe anaweza kuona kijani, hata rangi ya chungwa, kabla ya kugusa asidi. Hajaharibu jaribio. Juisi ya muwa inapochemshwa, sehemu ya sukrosi hukatika njiani, na sukari guru hubaki na kiasi cha glukosi na fruktosi huru. Kwa sababu hiyo jaribio la asidi halina maana likifanywa peke yake. Lazima pawepo mrija mwenzake usiotiwa asidi, na jibu litoke kwenye tofauti ya mashapo kati ya hiyo miwili.

Na hata tofauti hiyo ina mpaka wake. Ndizi mbichi iliyopondwa, ikichemshwa na asidi kwa muda mrefu, huweza kutoa wekundu bila kuwa na sukrosi ya maana, kwa sababu asidi hukata wanga vilevile. Wanga ambao haujakatwa haujitokezi kwenye Benedict kwa kuwa mnyororo wa mamia au maelfu ya glukosi una mwisho mmoja tu wenye kaboni namba 1 iliyo huru. Vitamini C nayo hupunguza shaba ingawa si sukari, jambo la kukumbukwa na anayepima juisi ya machungwa. Na wanaodhani Benedict inaweza kuwaumbua wachakachuaji wa asali wajue kwamba asali halisi, iwe ya Tabora au ya kwingineko, imejaa glukosi na fruktosi, kwa hiyo huwa nyekundu tangu mwanzo. Sukari ya duka iliyoongezwa humo haionekani mpaka mtu apime kiasi cha sukari punguzi kabla na baada ya asidi.

Hospitalini Benedict ilitumika kwa miongo mingi kupima mkojo wa wagonjwa wa kisukari. Udhaifu wake ulikuwa kwamba haichagui. Mama anayenyonyesha anaweza kuwa na laktosi kwenye mkojo, na mrija ukawa mwekundu bila kisukari. Vijiti vya kupimia mkojo vinavyotumika sasa vina kimeng'enya kiitwacho glukosi oksidesi, ambacho kinachagua sana: hushika glukosi, tena ile ya beta. Alfa haitupwi, maana beta inapotumika alfa huendelea kupita kwenye mnyororo na kuziba pengo.

Mwili wenyewe hufanya jaribio lake bila mrija. Aldehidi ya glukosi iliyofunguka, pamoja na kupenda shaba, hupenda pia nitrojeni iliyo mwanzoni mwa minyororo ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu. Ikiishika, taratibu muungano huo hugeuka wa kudumu bila msaada wa kimeng'enya chochote. Kadiri sukari ya damu inavyokuwa juu, ndivyo hemoglobini nyingi zaidi inavyoshikwa, na kwa kuwa chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kiasi kilichoshikwa husimulia hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. Hicho ndicho kipimo cha HbA1c anachoandikiwa mgonjwa kliniki, na asilimia 6.5 au zaidi ni moja ya vigezo vya kutambua kisukari. Kwamba glukosi hukaa muda mwingi ikiwa pete ni bahati kwetu. Watafiti H. Franklin Bunn na Paul Higgins walionyesha mwaka 1981 kwamba, kati ya sukari za jamii yake, glukosi ndiyo iliyo nzito zaidi kuishika hemoglobini, kwa kuwa ndiyo inayofunguka kwa uchache zaidi.

Kipimo hicho nacho kina mahali kinapopotoka, na Afrika Mashariki ni moja ya maeneo ambako suala hilo linagusa watu wengi. Mwenye selimundu ana chembe nyekundu zinazokufa mapema, kabla glukosi haijapata muda wa kushika hemoglobini kiasi kinachotakiwa. HbA1c yake inaweza kusomeka chini ilhali sukari yake iko juu, na baadhi ya mashine huchanganywa na hemoglobini yake isiyo ya kawaida. Kwa mgonjwa wa namna hiyo daktari hutegemea glukosi iliyopimwa moja kwa moja kwenye damu, kabla ya kula na saa mbili baada ya kunywa kipimo cha glukosi.